Nusu saa ya kwanza ya soko la hisa: mipaka iwekwe wapi, na uingie lini

Mwalimu, nafuata njia ya kununua bei ikivunja mpaka wa juu wa nusu saa ya kwanza, au kuuza ikivunja wa chini. Nikichora mipaka hiyo nitumie ncha za mishumaa ya chati au pale mishumaa ilipofungia? Na bei za kabla ya soko kufunguliwa nazo nazihesabu?

Tumia ncha. Bei ya juu kabisa na ya chini kabisa zilizouzwa ndani ya dakika 30 za kwanza ndizo mipaka yako. Nusu saa ikiisha usiisogeze tena, hata bei ikifanya vituko gani baadaye. Ncha zina maana kwa sababu ndipo upande mmoja uliposhindwa. Waliojaribu kuipandisha bei juu ya hapo wamekuta wauzaji wanawangoja, na wengi waliouza hapo wakitegemea bei ishuke wameweka oda zao za kujikinga juu kidogo tu ya ncha hiyo. Bei ikirudi na kupita, oda hizo zinageuka kuwa manunuzi. Ndizo zinazoipa hisa msukumo wa kwanza.

Bei za kabla ya ufunguzi ziache. Hisa zinazopita wakati huo ni chache, kwa hiyo mtu mmoja mwenye haraka anaweza kuchora ncha ndefu isiyo na maana yoyote. Bei ya mnada wa ufunguzi, kinyume chake, ihesabu, maana hapo hukutana oda nyingi kuliko karibu dakika yoyote nyingine ya asubuhi.

Kabla ya kuiamini ncha, fungua chati ya dakika moja. Ukiona muamala mmoja umeruka mbali peke yake na dakika iliyofuata bei imerudi palepale ilipokuwa, linganisha na chanzo kingine cha bei. Usipouona huko, ni kosa la takwimu, na mpaka uliouchora juu yake hauna mtu aliyeulinda. Angalia pia mshumaa wako unaanza saa ngapi. Soko la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za huko. Ukiwa umewasha bei za kabla ya ufunguzi, mshumaa wa saa nzima utaanzia saa 3:00 na kukuchanganyia mambo mawili tofauti.

Naweka oda ya kununua juu ya mpaka, bei inaigusa, inanibeba, kisha inarudi ndani. Nisubiri mshumaa ufunge?

Mimi husubiri mshumaa wa dakika 5 ufunge nje ya mpaka, ila kusubiri nako kuna gharama, na nataka uione kwa tarakimu.

Chukua hisa iliyofunga jana 40.20 na leo ikafunguka 41.00. Ndani ya nusu saa imepanda hadi 41.60 na kushuka hadi 40.80. Nafasi kati ya mipaka hiyo miwili ndiyo kanda, na upana wake ni 0.80. Dakika ya 33 inagusa 41.64, inakaa pale sekunde chache, kisha inateremka hadi 41.35. Mwenye oda ya kununua kwenye 41.62 tayari amenunua na anaitazama hasara. Mshumaa umefunga ndani ya kanda, kwa hiyo aliyesubiri hajafanya kitu.

Dakika ya 50 mshumaa wa dakika 5 unafunga 41.72, na hisa zilizouzwa ndani yake ni kama mara mbili ya zile za kila mshumaa uliotangulia tangu nusu saa iishe. Hapo nanunua, na napata 41.74. Gharama ya subira ni senti 12 juu ya ile oda ya 41.62. Siku hisa inapoondoka bila kugeuka nyuma, gharama hiyo inaweza kufika senti 40, na hapo naiacha iende. Nina kipimo: kama bei ya kuingilia iko mbali na mpaka kuliko robo ya upana wa kanda, sinunui. Kwa kanda hii robo ni 0.20, yaani mwisho wangu ni 41.80.

Kuhusu wingi wa miamala, usilinganishe na dakika za ufunguzi. Karibu kila siku dakika za kwanza zina miamala mingi kuliko zinazofuata, hivyo kila mvunjo, yaani kila bei inapotoka nje ya mpaka, utaonekana dhaifu. Linganisha na mishumaa ya baada ya nusu saa. Ukiweza, linganisha na saa hiyohiyo katika siku zilizopita.

Jambo jingine kwa wanaofuata hisa za Marekani: nusu saa inaisha saa 4:00 kamili asubuhi ya New York, na ripoti kadhaa za uchumi hutolewa dakika hiyohiyo. Ripoti ya ISM ya viwanda, siku ya kwanza ya kazi ya mwezi, ni mojawapo. Mvunjo wa dakika mbili za kwanza siku kama hiyo mara nyingi ni mshtuko wa habari tu. Subiri mshumaa ufunge hata kama kawaida yako ni kuingia papo hapo.

Stopu, ile oda ya kujikinga na hasara, niiweke upande wa pili wa kanda kama nilivyofundishwa, au karibu zaidi? Na ninunue hisa ngapi?

Tuendelee na hisa ileile. Umenunua 41.74. Stopu chini ya kanda, tuseme 40.78, inakuweka kwenye hatari ya 0.96 kwa kila hisa. Stopu chini kidogo ya katikati ya kanda, 41.18, ni hatari ya 0.56.

Ukiwa na mtaji wa 10,000 na hutaki kupoteza zaidi ya asilimia 1, yaani 100, gawanya 100 kwa hatari ya hisa moja. Kwa stopu ya mbali unapata hisa 104, kwa ya karibu hisa 178. Hasara ikitokea ni ileile kwa zote mbili, kasoro bei ikiteleza wakati wa kutoka. Kwa hiyo uamuzi hauhusu ukubwa wa hasara. Unahusu nafasi iliyobaki juu.

Hisa hii kwa siku 14 zilizopita imekuwa ikitembea wastani wa 1.60 kutoka chini hadi juu yake kwa siku. Chini ya leo ni 40.80, hivyo siku ya kawaida ingeishia karibu na 42.40. Kutoka 41.74 hadi hapo ni 0.66. Ukihatarisha 0.96 kutafuta 0.66, itabidi uwe sahihi mara tatu kati ya tano ili tu usipoteze, na hapo sijataja ada za dalali. Ukihatarisha 0.56, hesabu inakaa vizuri zaidi, ingawa stopu ya karibu itaguswa mara nyingi zaidi. Ninaichagua katikati ya kanda kwa sababu moja: hisa iliyovunja juu kwa nguvu kisha ikarudi chini ya katikati imeshapoteza waliokuwa wakiinunua. Sioni faida ya kuisindikiza hadi chini kabisa.

Stopu ya mbali ina nafasi yake kwa anayekusudia kukaa hadi soko lifunge bila kutoka kwenye 42.40, akitegemea siku chache kubwa zilipe siku nyingi ndogo. Hiyo ni biashara tofauti, na usiichanganye na ya kutoka mapema: stopu ya mbali pamoja na faida ya karibu ndiyo inayomaliza akaunti polepole.

Siku nyingine nusu saa inakuwa pana sana. Bado nafanya biashara?

Mara nyingi hapana. Kama hisa ile ingetembea kutoka 40.80 hadi 42.20 ndani ya nusu saa, ingekuwa imeshatumia 1.40 kati ya 1.60 yake ya kawaida. Ukinunua mvunjo wa 42.22 umebakiwa na senti 18 hivi za mwendo wa kawaida, na stopu ya katikati ya kanda iko mbali kwa zaidi ya senti 70. Mimi huanza kusita kanda inapozidi nusu ya mwendo wa wastani, na ikipita robo tatu naifuta hisa hiyo kwenye orodha ya siku.

Wengi hutumia ATR, kipimo cha chati cha wastani wa mwendo wa bei, kupata wastani huu, na hapo kuna mtego. ATR inahesabu pia pengo kati ya kufunga kwa jana na ufunguzi wa leo. Kwa hisa inayoruka usiku mara kwa mara, ATR itakwambia ina mwendo mkubwa kuliko unaoweza kuupata mchana. Toa tu bei ya chini kwenye bei ya juu ya kila siku, kisha chukua wastani wa siku 14.

Kipimo hiki huvunjika siku ya habari nzito kuhusu kampuni yenyewe, kama matokeo ya robo mwaka. Siku hiyo hisa inaweza kutembea mara tatu ya kawaida yake, na wastani wa wiki mbili zilizopita haukusaidii. Nikifanya biashara siku kama hiyo napunguza hisa kwa nusu.

Leo nimenunua mvunjo wa juu nikapigwa stopu, nikauza mvunjo wa chini nikapigwa tena. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea. Zipo siku soko linazungukia bei moja, na kanda ya nusu saa inavunjwa juu na chini bila kwenda popote. Dalili mbili huonekana mapema. Ya kwanza ni VWAP, mstari wa bei ya wastani wa siku uliopimwa kwa wingi wa miamala, kulala karibu usawa huku bei ikiikata mara nyingi ndani ya nusu saa yenyewe. Ya pili ni kielezo cha soko zima kuwa ndani ya kanda yake wakati hisa yako inavunja ya kwake. Hisa inaweza kuondoka peke yake ikiwa na habari. Bila habari, mara nyingi hurudishwa.

Weka sheria ya jaribio moja kwa kila upande, na baada ya hapo funga ukurasa wa hisa hiyo. Jaribio la tatu ndilo watu wanalolifanya kwa hasira, na kwa hisa nyingi kuliko mwanzo.

Mbona wengine wanatumia dakika 5 au 15?

Kanda fupi inakupa stopu ya karibu na kuingia mapema, lakini inavunjwa kwa uongo mara nyingi zaidi. Pia spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, mwanzoni mwa siku huwa pana, kwa hiyo kila jaribio linakugharimu. Nusu saa inachelewa kidogo, ila haraka ya ufunguzi inakuwa imepoa. Chagua moja na ubaki nayo. Anayebadilisha dakika kila asubuhi kutafuta mpaka uliokaa vizuri hana mpaka.

Nimeijaribu kwa takwimu za miaka iliyopita, matokeo ni mazuri mno. Niyaamini?

Tazama kwanza bei uliyojipa ya kuingilia. Kama umeandika 41.62 kamili kila mpaka ulipovunjwa, umejipendelea: bei halisi ingekuwa 41.64, pengine 41.68, kwa sababu oda nyingi zinagongana hapo kwa wakati mmoja. Ongeza senti 3 kila upande kisha uhesabu upya. Kwenye faida ya wastani ya senti 10 kwa hisa, senti 6 ni zaidi ya nusu.

Pili, tafuta mishumaa ambayo ndani yake bei iligusa faida na stopu yote mawili. Baadhi ya programu hudhani faida ilitangulia. Zihesabu zote kama hasara. Tatu, angalia orodha ya hisa ulizotumia. Kama ni zile zinazojulikana leo kwa kupanda sana, ulizichagua ukiwa tayari unajua jibu, na mivunjo yao ya juu itaonekana mizuri hata kama njia yako haina kitu. Chukua hisa kwa kigezo ambacho ungekijua asubuhi ya siku husika, kama wingi wa miamala ya nusu saa ya kwanza ukilinganishwa na nusu saa za siku 14 zilizotangulia, kisha uone kinachobaki.