Moto ghalani: chuma kipi kibaki, kipi king'olewe

Nguzo za ghala letu zimesimama wima ila zimegeuka rangi. Fundi anataka zote zing'olewe, bima wanasema ni nzima. Nimwamini nani?

Usimwamini yeyote kabla ya vipimo. Chuma cha kawaida cha ujenzi kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hubaki na chini ya nusu ya nguvu zake, lakini kikipoa hurejesha karibu zote. Kwa hiyo nguzo iliyobeba paa moto ukiwaka, na bado imenyooka, mara nyingi inafaa. Ripoti lazima ithibitishe hilo kwa kipima ugumu. Mhandisi husugua masizi mpaka chuma king'ae, hupima, kisha hupima nguzo ya aina ileile ambayo moto haukuifikia. Namba ya ugumu inayosomwa, iitwayo ya Brineli, ikizidishwa kwa 3.45 hutoa makadirio ya nguvu ya kukatika kwa megapaskali. Tuseme nguzo nzima imetoa 130, yaani kama 450, na iliyoungua 112, yaani kama 386. Kwa chuma cha S275 kiwango cha chini ni 410, basi hiyo ya pili ina mashaka. Kipande kikatwe kutoka sehemu isiyobeba mzigo mkubwa, kikavutwe maabara, ndipo hukumu itolewe.

Nawasihi pia msifagie kabla mhandisi hajafika. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420 na alumini karibu 660, hivyo matone yaliyoganda humwonyesha joto lilifikia wapi. Nimeona madai yakidhoofika kwa sababu ushahidi huo ulitupwa na takataka.

Moto uliwaka kona moja tu. Mbona ripoti inataka boliti za upande wa pili zikaguliwe?

Kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Boriti ya mita 20 ikipanda joto kwa nyuzi 500 hudai takriban milimita 120 za ziada, na hizo huzipata kwa kusukuma nguzo za mbali. Tafuta matundu yaliyovutika kuwa marefu, nyufa za kulehemu, na zege lililopasuka chini ya nguzo.

Boliti zilizokuwa ndani ya moto ni jambo jingine. Za daraja la 8.8 hupewa nguvu kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Zikivuka takriban nyuzi 450, sehemu ya nguvu hiyo hupotea na hairudi, hata kama kwa macho ni nzima. Mimi huandika zibadilishwe zote, maana bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kuzipima mojamoja.

Bima wanataka kunyoosha boriti zilizopinda badala ya kununua mpya. Tukubali?

Zilizopinda kidogo, ndiyo, mradi zipimwe tena baada ya kunyooshwa. Zilizojisokota au kukunjamana ubavuni, hapana. Dai kila boriti iwe na namba yake kwenye mchoro, pamoja na kipimo cha mpindo na uamuzi wake.