Elfu kumi na tano ni ngapi? Kukagua risiti iliyoandikwa kwa maneno

Ukipewa risiti ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, bei zikiwa kwa maneno na jumla chini kwa tarakimu, funika jumla hiyo kwa kiganja kwanza. Jicho likishaiona, litalazimisha maneno yakubaliane nayo. Andika kila mstari kwa tarakimu pembeni, jumlisha, ndipo ufunue.

Tuchukue risiti hii: saruji faranga elfu mia mbili na hamsini, misumari elfu kumi na tano, mbao elfu tisini. Jumla imeandikwa 355,000.

Mbao hazina utata. Lakini "elfu mia mbili na hamsini" inasomeka 250,000, na pia 200,050. "Elfu kumi na tano" ni 15,000 au 10,005. Kiswahili hutanguliza neno elfu, halafu hakisemi linaishia wapi. Kifaransa huliweka nyuma ya namba yake, ndiyo maana hesabu ileile kwa Kifaransa haileti ubishi.

Aliyesoma kwa njia ya pili atapata 200,050 + 10,005 + 90,000, yaani 300,055. Tofauti na jumla ya chini ni 54,945. Usianze kumshuku muuzaji. Gawa tofauti hiyo kwa 999. Inatoka 55 kamili, ambayo ni hamsini ya saruji na tano ya misumari. Namba ikihama kutoka mahali pa elfu kwenda mahali pa moja-moja, inapoteza mara 1,000 na kubaki mara 1, basi pengo ni mara 999 yake. Kwa hiyo aliyekosea ni msomaji, na 355,000 ni sahihi. Isitoshe, faranga tano nani atakurudishia chenji yake? Kwa dola, hata hivyo, usitegemee hoja hiyo.

Kama 999 haigawi, jaribu 9. Jumla ikiwa 535,000 badala ya 355,000, tofauti ni 180,000. Kwa 999 haitoki kamili, kwa 9 inatoka 20,000: hapo shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, 3 na 5. Anza na 999 daima, kwa sababu chochote kinachogawika kwa 999 kinagawika kwa 9 pia; ukianza na 9 utamtafuta mkosaji asiyekuwepo.

Kwenye hundi utata huu ni ghali zaidi. Sheria ya hundi iliyoambatishwa kwenye Mkataba wa Geneva wa 1931, kifungu cha 9, inasema maneno na tarakimu vikitofautiana, maneno ndiyo yanayoshika. Maneno yenyewe yakiwa na maana mbili, umempa karani wa benki sababu ya kukurudishia karatasi.

Ukiwa wewe ndiye mwandishi, rudia neno elfu: "elfu mia mbili na elfu hamsini". Kama kweli unamaanisha 200,050, andika "faranga elfu mia mbili, na faranga hamsini".