Chupa mbili, picha moja: namna ninavyowaeleza mwaka wa kwanza kuhusu lebo

Ukipewa dakika kumi za kuzungumza na mwaka wa kwanza kabla hawajagusa bureti, usianze na bango la alama zote tisa za hatari. Ukifika alama ya tano, nusu ya darasa iko kwenye simu. Mimi husimama na chupa mbili tu: HCl ya moli 2 kwa lita na NaOH ya moli 2 kwa lita. Zote ukizitazama ni kama maji.

Nawauliza: "Ipi ya kuogopa zaidi?" Karibu wote hujibu asidi. Basi nazipitisha mezani zikiwa zimefungwa, wasome wenyewe. Wanakuta picha ileile kwenye zote mbili: almasi yenye mpaka mwekundu, na ndani yake matone yanadondokea mkono na kipande cha chuma. Hapo huamua kwamba ni sawa tu.

"Shukeni chini ya picha," nawaambia. "Picha hii hutumika kwa kemikali inayounguza mwili, na pia kwa inayokula metali. Someni neno la tahadhari, kisha sentensi yenye namba inayoanza na H."

Kwenye asidi wanakuta Onyo na H290: huweza kula metali. Kwenye NaOH wanakuta Hatari na H314: huunguza vibaya ngozi na kudhuru macho.

Lazima mmoja aulize, "Mwalimu, si zote ni moli 2?" Ni kweli, na zote zina takriban asilimia 7 kwa uzito. Lakini kwa viwango vya Umoja wa Ulaya, NaOH huhesabiwa kuwa ya kuunguza kuanzia asilimia 2, ilhali HCl ni kuanzia asilimia 25. Asidi nzito ya stoo, ile ya asilimia 37, nayo ina H314, na mvuke wake hukera njia ya hewa. Kwa hiyo jina la kemikali halitoshi; kiwango chake lazima kisomwe.

Hapa huwa sina haraka, kwa sababu NaOH ina hila. Asidi huwasha mapema, mtu akakimbilia bomba. NaOH kwenye vidole huteleza kama sabuni, na maumivu huweza kuchelewa. Ukihisi utelezi, osha papo hapo kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha bila kukoma dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, huku mwenzako akiita msaada. Ndiyo maana miwani huvaliwa kabla ya kufungua kizibo, na pipeti haifyonzwi kwa mdomo, hata kama shuleni kwenu mlifanya hivyo.

Mwisho nawaonyesha chupa iliyoandikwa kwa kalamu "NaOH" tu, bila kiwango wala tarehe. Hiyo hairuhusiwi mezani. Irudishwe kwa fundi wa maabara. Asiyejua kilichomo asiinuse wala asikisie.