IELTS ya 2023 kwa masomo ya Septemba 2025: hesabu tarehe mbili

"Wakuu, nilifanya IELTS Academic tarehe 14 Oktoba 2023, nataka kuanza masta Uingereza Septemba 2025. Cheti bado kitakuwa hai? Na chuo kinajuaje si cha kughushi, nipeleke nakala kwa mwanasheria agonge muhuri?"

Mkuu, kitakuwa hai, ila umebakiwa na nafasi ndogo sana, na hapo ndipo mimi nilipoumia.

Matokeo ya IELTS hudumu miaka 2, ikihesabiwa tangu siku uliyokaa kwenye mtihani, si siku matokeo yalipotoka wala siku ulipoletewa karatasi. Hilo la kwanza. La pili, ambalo wengi tunaliruka, ni kwamba chuo ndicho kinachoamua hiyo miaka 2 iishie wapi. Kuna vyuo vinavyotaka cheti kiwe hai siku unapotuma maombi, na viko vingi Uingereza vinavyotaka kiwe hai siku masomo yanapoanza.

Mimi nilifanya mtihani tarehe 10 Septemba 2022. Januari 2024 nikaomba chuo, nikapokelewa kwa masharti, nikatulia kabisa. Mwezi Mei afisa udahili akaniandikia kwamba masomo yanaanza tarehe 16 Septemba 2024, na kwa sheria yao cheti changu kitakuwa kimekwisha. Siku 6 tu! Nililipa tena ada nzima na kurudi kwenye chumba cha mtihani mwezi Juni.

Kwa hiyo andika tarehe mbili kwenye karatasi. Yako inaishia 14 Oktoba 2025, masomo yakianza katikati ya Septemba una kama wiki 4 mkononi. Inatosha. Lakini ukiahirisha hadi Januari 2026, chuo chenye sheria ya siku ya kuanza masomo kitakudai mtihani mpya, hata kama barua ya kukupokea unayo. Waandikie leo uwaulize sentensi moja tu: cheti kinatakiwa kiwe hai siku gani?

Kuhusu muhuri wa mwanasheria, weka hela yako mfukoni. Chuo hakiamini karatasi, kinaamini rekodi. Taasisi inayopokea IELTS hujisajili kwenye mfumo wa uhakiki wa wenye mtihani, na afisa anaingia kwa akaunti ya chuo. Anaandika namba ya Test Report Form yako, ile ndefu yenye herufi na tarakimu iliyo chini ya karatasi, inayoishia na A kwa Academic au G kwa General Training. Mfumo unamletea matokeo yaliyohifadhiwa, naye anayalinganisha na ulichomtumia: jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za kila sehemu. Aliyebadilisha 5.5 ikawa 6.5 kwenye kompyuta anakamatwa hapo hapo, kwa sababu namba ni ileile lakini alama zilizo kwenye rekodi ni nyingine.

Sasa sikia hili. Cheti changu cha pili nilikiskani kwenye duka la steshenari, mashine ikakata ukingo wa chini kidogo tu. Kwa macho karatasi ilionekana nzima. Baada ya siku kadhaa nikajibiwa kwamba namba yangu haileti rekodi yoyote. Nilishtuka sana, maana jibu kama hilo linakufanya uonekane tapeli. Nikaifungua ile faili, nikaikuza, nikaona A ya mwisho haipo. Niliskani upya, nikaiandika namba yote kwa maneno ya kawaida ndani ya barua pepe, kesho yake wakathibitisha. Ukituma, fanya hivyo hivyo, na uangalie sana sifuri isisomeke kama herufi O. Na usitume picha ya matokeo uliyoyaona mtandaoni, yale ni ya kukujulisha wewe tu, hayahesabiwi kama cheti.

Kama jina limebadilika, tuseme umeolewa ukachukua jina la mume, mfumo utaonyesha lile la pasipoti uliyofanyia mtihani. Ambatisha cheti cha ndoa tangu mwanzo, usisubiri waulize.

Ipo pia njia ya matokeo kwenda chuoni moja kwa moja kwa mtandao. Unapojisajili unaruhusiwa kuchagua hadi taasisi 5 bila malipo. Chagua kwa makini, kwani chuo kimoja kinaweza kuwa na majina kadhaa kwenye orodha, kitivo hiki na ofisi ile. Uliza udahili jina kamili wanalotumia. Wewe ulishafanya mtihani, basi wasiliana na kituo chako wayatume chuoni, na ufanye hivyo kabla ya Oktoba 2025, kwa kuwa miaka 2 ikipita kituo hakitoi tena nakala za ziada.

Ukipata jibu la chuo kuhusu ile tarehe, lilete hapa tulipige hesabu pamoja.