Mdai yuko ng'ambo: gharama zako utazipata wapi?

Wakili, nimeshtakiwa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na mfanyabiashara anayeishi Dubai. Anadai milioni 240 za vipuri vya malori. Hapa nchini hana hata kiwanja. Nikishinda kesi, gharama zangu nitamfuata nazo Dubai?

Usisubiri ufike huko. Amri ya XXV ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakuruhusu kuomba mahakama imwamuru mdai aweke dhamana ya gharama sasa hivi, kesi ikiwa bado inaendelea. Kanuni ya 1 inataka mambo mawili yaonekane kwa pamoja. La kwanza, mdai anaishi nje ya Tanzania, na kama wadai ni wengi, basi wote wanaishi nje. La pili, hana mali isiyohamishika ya kutosha ndani ya nchi, ukiacha ile inayogombewa kwenye kesi yenyewe.

Kinachoangaliwa ni makazi, uraia hauingii. Mtanzania mwenye pasipoti yetu anayeishi London anaguswa na kanuni hii, na Mhindi anayeishi Upanga haguswi. Nimeshaona maombi yakijengwa juu ya neno "raia wa kigeni" tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna mahali palipoandikwa mdai anaishi wapi. Angalia pia mali inayotajwa ni isiyohamishika. Akaunti ya benki Kariakoo au malori mawili bandarini si jibu kamili kwa kanuni hii, kwa sababu fedha huhamishwa kwa simu na lori huvuka Tunduma usiku mmoja.

Hata masharti yote mawili yakitimia, hakimu au jaji halazimiki kutoa amri. Sheria inasema mahakama "inaweza". Atatazama kama dai lina uzito, kama kuna deni ulilokiri kwa barua, na kama unatumia maombi haya kumziba mdomo mtu mwenye haki. Kama uliwahi kumwandikia kwamba utalipa mwezi ujao, barua hiyo itasomwa siku ya maombi.

Kwenye kiapo niandike nini? Nitathibitishaje kwamba mtu hana mali?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Maombi yanapelekwa chemba yakiambatana na kiapo, na kiapo hubeba ukweli tu. Tangu kesi ya Matovu ya mwaka 1966 kutoka Uganda, ambayo mahakama zetu huitumia mara kwa mara, kiapo hakipaswi kuwa na hoja za kisheria wala maombi. Ukiandika "mdai anastahili kuamriwa kuweka dhamana", hiyo aya unampa mwenzako aiombee ifutwe.

Anza na hati ya madai yenyewe. Mdai analazimika kueleza humo anapoishi, na mara nyingi amejiandikia mwenyewe anuani ya Dubai. Nakala yake ni kielelezo chako cha kwanza, na hawezi kuikana. Baada ya hapo weka mkataba wenu au ankara zenye anuani hiyo hiyo.

Kuhusu mali ni vigumu zaidi, maana kwa Msajili wa Hati unatafuta kwa namba ya hati au kiwanja, na hauwezi kuuliza tu "huyu ana nini". Kwa hiyo usiape kwamba unajua hana mali. Aya inayosimama huwa hivi: "Kwamba katika miaka yote ya biashara yetu mdai hajawahi kunionyesha wala kutaja nyumba, kiwanja au shamba lake lolote nchini, alikuwa akifikia hotelini, na kwa sababu hizo naamini hana mali isiyohamishika Tanzania." Umetaja unachokijua, umetaja unachokiamini, na umetoa sababu za kuamini. Ukishafika hapo, aliye na hati ya nyumba ni yeye. Ataiambatisha kwenye kiapo kinzani, au atakaa kimya, na ukimya huo jaji atausoma.

Kiapo aape mwenye habari, yaani wewe. Wakili wako hakuwepo mlipokuwa mnafanya biashara.

Rafiki yangu ananishauri niombe milioni 100, ili mdai ashindwe aachane na kesi. Ni sawa?

Hapana, na jaji ataiona nia hiyo kabla hujamaliza kusimama. Dhamana hii ni ya gharama za kesi peke yake. Haihusu lile deni la milioni 240, wala hasara unayosema alikusababishia.

Andaa rasimu ya bili ya gharama kama ile ambayo ungeipeleka kwa afisa wa kukokotoa gharama baada ya ushindi, ukifuata Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Tuseme ada ya wakili kwa dai kama lako inakuja milioni 12. Shahidi wako mmoja anatoka Mbeya, nauli na malazi kwa safari mbili ni laki 9. Mahudhurio, nakala na ada za mahakama ni milioni 1 na laki 6. Jumla ni milioni 14 na nusu. Iambatishe bili hiyo, na mahakama itakuwa na kitu cha kukata au kukubali. Kanuni inahusu gharama ulizokwisha kutumia na zile unazotarajia kuzitumia, kwa hiyo zote ziingie.

Jambo jingine ni muda. Kanuni inasema maombi yanaweza kuja hatua yoyote, lakini ukisubiri mpaka mashahidi watatu wa mdai wamekwisha kusikilizwa, utaulizwa ulikuwa wapi. Peleka mapema, mara tu utetezi wako wa maandishi umeingia.

Mimi niko Toronto, wakili. Nimefungua kesi ya nyumba yangu Tanga iliyovamiwa. Mdaiwa kaomba dhamana. Nimejibu kwamba nina nyumba, na kaka yangu aliyeko Tanga ana hati ya uwakilishi. Inatosha?

Dada, nyumba hiyo haikusaidii, kwa sababu ndiyo inayogombewa, na kanuni imeiondoa kwa maneno ya wazi. Kama una shamba Muheza au kiwanja kingine chochote chenye thamani inayozidi gharama zinazodaiwa, leta hati yake na taarifa ya mthamini.

Kaka naye ni mwakilishi tu. Jina la mdai ni lako, na makazi yanayoulizwa ni yako. Ingekuwa tofauti kama kaka angekuwa mmiliki mwenza na ameshtaki pamoja nawe, kwani hapo wadai wote hawako nje. Kumwingiza kwa ajili ya hilo tu, bila haki yoyote kwenye nyumba, kutakuzalia pingamizi jipya.

Ukiona amri haiepukiki, pigania namna ya kuitekeleza. Omba kuweka dhamana ya benki badala ya fedha taslimu, au kulipa kwa awamu. Fedha taslimu zikiwekwa mahakamani hubaki huko, na ukishinda unarudishiwa.

Nilipewa siku 30 niweke dhamana, zimepita. Kesi yangu imekufa?

Chini ya kanuni ya 2, mahakama hutupilia mbali kesi, isipokuwa ikikuruhusu kuiondoa. Unaweza kuomba amri hiyo itenguliwe ukithibitisha sababu ya kutosha iliyokuzuia, mfano barua ya benki inayoonyesha fedha zilikwama, na lazima mdaiwa apewe taarifa. "Sikuwa na hela" peke yake ni sababu dhaifu. Kama bado haijatupwa, omba kuongezewa muda leo. Ukichagua kuiondoa ili ufungue upya, hesabu ukomo kwanza: dai la mkataba lina miaka 6, na kesi uliyoiondoa haisimamishi saa hiyo.