Kila sini na shiti yake: mkoba uliojificha ndani ya "vitu vyake"

"Jamani nina skripti ya kurasa 38, prodyusa anataka brekidauni kabla ya ratiba na bajeti. Propu zote nishaziorodhesha kwenye karatasi moja, inatosha au mpaka kila sini iwe na shiti yake?"

Haitoshi ndugu yangu. Orodha moja itakwambia mna vespa, lakini haikwambii vespa inatakiwa sini ipi, siku gani ya hadithi na nani anaipanda, na anayepanga ratiba anataka hayo hasa.

Miye mara ya kwanza nnasoma bila kalamu, naifuata hadithi tu. Mara ya pili ndo napiga mstari kila sini inapoishia na kuipima kwa thumni, ukurasa mmoja una thumni 8 (hapa waliokua na wazee wa Unguja hawapati tabu, thumni wanaijua tangu utotoni). Kisha rangi: waigizaji nyekundu, propu zambarau, efekti buluu, vyombo na wanyama pinki. Ukitaka kubadilisha rangi badilisha, ila timu nzima itumie hizo hizo.

Chukua sini 14 ya filamu yetu moja fupi. Nje, usiku, pwani ya Jambiani, thumni 5: Makame anashuka ngalawani karowa chapachapa, mkono unavuja damu, mkoba wa ukili begani, radi inapiga, anapiga kiki vespa mara tatu haiwaki.

Maneno machache tu, lakini tazama. Ngalawa na vespa vinakwenda kwenye vyombo, na ngalawa haiji peke yake, andika na nahodha hata kama kamera haimuoni maana atalipwa na atakula. Andika maji pia, kwa sababu siku za bamvua maji yanajaa alfajiri na jioni, ikifika saa nne usiku pale pwani kavu, ngalawa imelala mchangani huko mbali, kwa hiyo shiti iseme "maji yawe yamejaa" ili mpanga ratiba atafute tarehe ya kuendana nayo. Nguo zilizorowa ni za mtu wa mavazi na ziwe pea mbili za sare, mana sini 13 Makame yuko mkavu na hamtoshuti kwa mfuatano. Damu ni ya mekapu, na kwa kuwa sini 15 ni usiku ule ule na sini 22 ni keshoye, kwenye shiti ya 15 damu bado mbichi, ya 22 kidonda kimefungwa kitambaa. Ndo mana kila shiti lazima iwe na namba ya siku ya hadithi, bila hiyo mtu wa mekapu anabahatisha.

Radi sasa, hapo watu wanagombana. Itapigwa kwa taa siku ya kushuti au itawekwa kwenye kompyuta baadae? Hivyo ni visanduku viwili tofauti, usiandike "efekti" ukanyamaza, mtu wa taa atadhani ya mhariri na mhariri atadhani ya taa, mwisho mnarudi nyumbani na usiku usio na radi. Kama hujui muulize dairekta siku hiyo hiyo.

Na majina, chonde. Sini 14 niliandika "vespa", sini 19 mwandishi kaandika "pikipiki yake" na miye nikaihamisha vile vile, Ekseli ikahesabu vyombo viwili na bajeti ikatoka na kodi ya pikipiki isiyokuwepo. Kitu kimoja jina moja, toka mwanzo mpaka mwisho.

Lakini kilichonitia adabu ni ule mkoba. Tuliazima kwa bibi mmoja jirani, tukashuti sini 14 na 15, shiti zangu zikasema basi umemaliza kazi, tukamrejeshea. Siku ya nne tunashuti sini 31, imeandikwa "Makame anachukua vitu vyake anatoka", dairekta ananambia mkoba uko wapi, vitu gani vyengine alivyonavyo huyu? Kwa bibi kulikuwa kushasukwa mpini mpya, rangi nyengine kabisa. Tukamshuti Makame kiunoni kwenda juu, mkono mmoja hauonekani, mpaka leo nikiitazama sini ile nnaona aibu.

Kwa hiyo nikikuta "vitu", "mizigo", "wanakula", "watu wamejaa", naweka alama ya kuuliza pembeni, narudi kwa mwandishi na dairekta, wanakula nini, sahani ngapi, watu wangapi. Kwa kurasa zako 38 kaa nao jioni moja kabla hujajaza shiti hata moja, na ile orodha yako usiitupe, mwisho ilinganishe na shiti, kilichopo kwenye orodha na hakina namba ya sini ujue kuna pahala umeruka.