Nilikatwa PAYE ya mtu mwenye kazi mbili, hii ndio barua iliyonirudishia pesa yangu

Kama uko na kazi moja tu na ukiangalia peislipu huoni laini imeandikwa Personal Relief 2,400, soma hii kwanza kabla uanze kulaumu serikali, juu mimi nililaumu serikali miezi mitano na makosa ilikua hapa hapa Kisumu, kwa kompyuta ya mhasibu wetu.

Nilianza kazi ya stoo kwa kampuni moja huku tauni mwezi wa tatu 2025, mshahara 36,000. Siku ya kwanza unapewa ile fomu ya kujaza, PIN ya KRA, NSSF, SHA, akaunti ya benki, halafu kuna swali la mwisho, je uko na mwajiri mwingine? Nikatiki ndio. Nilikua nafundisha kompyuta wikendi kwa koleji ndogo Kakamega na hiyo kazi iliisha 28 Februari, lakini akilini nilidhani wanauliza kama nishawahi kuajiriwa. Tiki moja tu. Mhasibu akaniingiza kwa peiroli kama Secondary Employee.

Hiyo maneno ndio kila kitu. Kila mfanyakazi akiwekwa kwa ile ritani ya kila mwezi inaitwa P10, mwajiri lazima achague ni Primary ama Secondary. Ile Personal Relief, yaani afueni ya 2,400 kwa mwezi, inatolewa na mwajiri mmoja pekee, yule wa kwanza, ndio mtu wa kazi mbili asipate mara mbili. Ukiwekwa Secondary na huna kazi nyingine, hakuna mtu anakupea hiyo afueni, na hakuna mahali kengele inalia. Binamu yangu ako Uingereza aliniambia kwao ni kitu kama hicho, wao wanapewa kodi namba kabisa kwa peislipu, ukiona BR unakatwa asilimia 20 kwa kila pauni kama mtu wa kazi ya pili, ukiona 1257L uko sawa. Tofauti ni kwao mwajiri hawezi kujibadilishia hiyo namba, inatoka kwa watu wa ushuru, lakini huku mhasibu wako anaweza kuibadilisha yeye mwenyewe kabla chai iishe.

Sasa hesabu, na usiogope, ni ya kalamu tu. Kwa 36,000 kwanza toa NSSF 2,160, SHA 990 na ile ya nyumba 540, jumla 3,690. Tangu mwisho wa 2024 hizo zote zinatolewa kabla ya ushuru. Inabaki 32,310. Hapo 24,000 ya kwanza inakatwa asilimia 10, ni 2,400, na 8,310 iliyobaki inakatwa asilimia 25, ni 2,077.50. Jumla 4,477.50. Halafu unatoa afueni 2,400 na PAYE yako inafaa kua 2,077.50. Peislipu yangu ilikua imeandikwa 4,477.50. Yaani wamefanya hesabu vizuri kabisa wakaacha mstari wa mwisho. Hapo ndio unajua shida ni gani: ukipiga hesabu yako upate mmezidiana 2,400 kamili kila mwezi, si makosa ya kujumlisha, umewekwa Secondary. Tofauti ikiwa namba ingine ya ajabu, tafuta kwingine, pengine wamesahau kutoa NSSF ama SHA kwanza.

Nilienda kwa mhasibu na mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akasema ataangalia, mara ya pili akasema sisitimu ndio inakata. Mzee mmoja wa stoo akanichekelea akaniambia, kijana, ofisi haisikii, ofisi inasoma. Nikaandika barua. Yangu ilikua kwa Kizungu lakini maneno ni haya:

*4 Agosti 2025*

*Kwa Meneja, nakala kwa Mhasibu*

*YAH: KUREKEBISHA AINA YA MFANYAKAZI KWA PEIROLI NA KURUDISHIWA PAYE ILIYOZIDI*

*Bwana Meneja, salamu. Niliajiriwa hapa Machi 2025 na tangu hapo hii ndio kazi yangu pekee. Kwa peiroli nimewekwa kama Secondary Employee, kwa hivyo sijapewa afueni ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Kosa lilianzia kwa fomu yangu, nilitiki kua nina mwajiri mwingine ilhali kazi hiyo iliisha 28 Februari 2025.*

*Kuanzia Machi hadi Julai nimekatwa PAYE 4,477.50 kila mwezi badala ya 2,077.50. Zilizozidi ni 2,400 mara miezi mitano, yaani 12,000.*

*Naomba mambo matatu: nibadilishwe niwe Primary Employee, Julai irekebishwe kabla P10 haijatumwa tarehe 9, na zilizozidi za Machi hadi Juni zirekebishwe kwa PAYE yangu ya miezi inayokuja mwaka huu huu. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza 1 Julai, inamtaka mwajiri aweke afueni zote zinazomhusu mfanyakazi kabla ya kukata.*

*Nimeambatisha peislipu tano, barua ya koleji ya kumaliza kazi, na hesabu yangu ya mwezi mmoja. Naomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 8.*

Angalia sikumlaumu mtu. Kosa la tiki nilikubali ni langu, na hiyo ndio ilifungua mlango, juu mhasibu akijua hatafutwi kwa makosa anafanya kazi haraka. Lakini ile barua ya koleji ndio ilikua na nguvu kuliko maneno yangu yote. Bila karatasi ya kuonyesha ile kazi ingine iliisha lini mhasibu ako na haki ya kukataa, na kama kusema ukweli bado uko na kazi mbili usijaribu hii, waajiri wote wawili wakikupea afueni utadaiwa ukijaza ritani yako ya mwaka.

Tarehe ndio watu wengi wanakosea. P10 ya mwezi inatumwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mimi nilipeleka tarehe 4, kwa hivyo pesa ya Julai ilikua bado haijaenda KRA, mhasibu akairekebisha na nikalipwa 2,400 yangu na mpesa ijumaa hiyo hiyo. Za Machi hadi Juni, 9,600, zilikua zishaenda. Hizo alisema hawezi kunipa kesh juu kampuni haina hiyo pesa tena, na kubadilisha P10 nne za nyuma hakutaka kusikia. Akafanya vile niliomba. Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba PAYE yangu ilikua sufuri, hapo imerudi 8,310, ikabaki 1,290. Disemba badala ya 2,077.50 nikakatwa 787.50.

Kama ungeandika Disemba hiyo njia ingekua imefungwa, mwaka wa ushuru unaisha 31 Disemba na huwezi kubeba hadi Januari. Hapo unangoja P9, ile karatasi mwajiri anakupea ya mshahara na ushuru wa mwaka mzima, unajaza ritani kwa iTax kabla ya 30 Juni, inaonyesha umelipa zaidi halafu unaomba urudishiwe na KRA wenyewe, na hapo hungoji mhasibu tena, unangoja Nairobi.

Peislipu ya Januari ilikuja PAYE iko kawaida na Personal Relief 2,400 imekaa pale chini yake. Niliipiga picha nikamtumia yule mzee wa stoo kwa wotsapu, naye akanitumia yake akauliza, yangu je, iko sawa?